Makande yaleyale, tumbo tofauti: kwa aliyeambiwa ana IBS

Kama umetoka kliniki na kwenye karatasi yako kumeandikwa IBS, yaani ugonjwa wa utumbo unaofanya kazi kwa kuvurugika bila kidonda, huenda umeondoka na maagizo mawili tu: punguza mawazo, na angalia unachokula. Yote mawili ni sahihi, lakini hayakusaidii ukifika jikoni jioni na sufuria ya makande iko mezani. Swali ninaloulizwa zaidi na wagonjwa ni hili: kwa nini makande yaleyale, ya sufuria ileile, yanamlaza mtu kitandani Jumatatu halafu Jumamosi anakula tena bila tatizo lolote? Ukilielewa jibu lake, sehemu kubwa ya ugonjwa huu utakuwa umeielewa.

Katika IBS utumbo hauna kidonda, uvimbe wala mdudu wa kuonekana kwa darubini. Kilichovurugika ni mwendo wake wa kusukuma chakula, pamoja na mishipa ya fahamu inayohisi kinachoendelea ndani. Ndiyo maana kipimo cha choo na cha damu hurudi vizuri huku tumbo linauma kwelikweli. Vigezo tunavyotumia, vinavyoitwa vya Roma na vilivyorekebishwa mwaka 2016, vinataka maumivu ya tumbo ya angalau siku moja kwa wiki katika miezi mitatu iliyopita, yanayoendana na angalau mawili kati ya haya: kwenda chooni, kubadilika kwa idadi ya safari za chooni, na kubadilika kwa umbo la choo, na dalili ziwe zilianza miezi sita au zaidi kabla. Wengine huharisha, wengine hufunga choo, na wengine hupata vyote kwa zamu.

Kuna dalili ambazo hazimo katika IBS hata siku moja, na ukiwa nazo rudi hospitali kabla ya kubadili chakula: damu kwenye choo, kupungua uzito bila kukusudia, homa, upungufu wa damu, au kuamshwa usiku na kuharisha. Rudi pia kama tatizo limeanza baada ya umri wa miaka 50, au kama mzazi au ndugu yako wa tumbo moja aliugua saratani ya utumbo mpana.

Jambo lingine la kuacha ni kutibu amiba na taifodi kila tumbo linapochafuka. Wengi huku Moshi na Arusha hufika kwetu wakiwa wameshameza metronidazo na siprofloksasini mara nyingi, mara nyingine kwa kipimo kimoja cha Widali, ambacho peke yake hakithibitishi taifodi. Ni kweli kwamba kwa baadhi ya watu IBS huanza baada ya kuharisha kwa maambukizi halisi. Lakini mdudu akishaondoka, kinachobaki ni mishipa ya fahamu iliyogeuka kuwa nyepesi kuhisi, na antibayotiki haiitulizi. Badala yake inavuruga bakteria wazuri wa utumboni, na wapo wanaoharisha zaidi kwa sababu yake.

Sasa chakula. Kosa la kawaida ni kulaumu kitu cha mwisho ulichokula, wakati saa ndiyo inayokuonyesha mhusika. Mlo wowote unapoingia tumboni, utumbo mpana hupokea ishara ya kusukuma kilichomo. Kwa mwenye IBS ishara hiyo huwa kali, hivyo ukibanwa na choo dakika 15 hadi 30 baada ya kula, chakula hicho bado hakijafika utumbo mpana. Umebanwa kwa sababu umekula, hasa mlo mkubwa, wenye mafuta mengi, au uliosindikizwa na kahawa. Tumbo kujaa, gesi na maumivu yanayokuja saa nne, sita au zaidi baadaye ni habari nyingine kabisa. Hizo ni sukari ambazo utumbo mwembamba umeshindwa kuzinyonya. Huvuta maji njiani, kisha zikifika utumbo mpana bakteria huzichachusha na kutoa gesi.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne, ndio waliozipanga sukari hizo katika makundi, na jiko letu linazo za kutosha. Maharage, choroko na dengu zina kundi moja. Kitunguu maji, kitunguu saumu na ngano, kwa maana ya chapati, mandazi na mkate, vina kundi jingine. Maziwa yana laktozi, ambayo watu wazima wengi hawaimeng'enyi vizuri. Embe, tikiti maji na asali vina fruktozi nyingi. Ukitazama makande kwa jicho hilo, mahindi si tatizo. Tatizo ni maharage yakiungana na kitunguu ndani ya sahani moja.

Chakula salama nacho kipo, tena ni cha nyumbani: wali, ugali wa mahindi, viazi mviringo, ndizi mbichi za kupika, mchicha, karoti, nyama, samaki, mayai. Mtori wa ndizi na nyama usiowekwa kitunguu ni mlo mzuri sana kwa wiki za mwanzo. Ukitaka ladha ya kitunguu, kikaange kwenye mafuta kikiwa vipande vikubwa, kisha vitoe vyote kabla ya kuweka nyanya au maji. Sukari ya kitunguu huyeyuka kwenye maji lakini haiyeyuki kwenye mafuta, kwa hiyo harufu inabaki na sukari inatoka na vipande. Kukitoa kitunguu kwenye mchuzi ulioiva hakusaidii, maana sukari imeshaingia kwenye supu. Majani mabichi ya kitunguu, ile sehemu ya kijani peke yake, unaweza kuyatumia.

Maharage yaloweke usiku kucha na umwage maji. Yachemshe, umwage maji ya kwanza, kisha uyaivishe kwa maji mapya. Sehemu ya sukari zake huondoka na maji hayo. Haziishi zote, kwa hiyo kiasi bado ni muhimu: anza na vijiko viwili vya chakula, usianze na sahani.

Tuje kwenye mawazo, na hapa naomba unielewe vizuri: hakuna anayesema unajifanyia ugonjwa. Ubongo na utumbo vinawasiliana muda wote kwa mishipa ya fahamu na homoni. Ukiwa na hofu au haraka, ubongo huutuma utumbo mpana kusukuma kwa kasi na pia hushusha kiwango ambacho maumivu huanza kuhisiwa. Imepimwa kwa kuingiza puto dogo kwenye sehemu ya mwisho ya utumbo na kulijaza hewa polepole: wengi wenye IBS husikia maumivu mapema kuliko wengine. Kwa hiyo gesi ya makande inaweza kuwa ileile Jumatatu na Jumamosi. Kilichobadilika ni mshipa unaoipokea. Jumatatu umepata usingizi wa saa nne tu, una kikao, umekula umesimama, na gesi ambayo Jumamosi ilipita kimya leo inauma.

Chukua mfano wa mwalimu anayeishi Moshi mjini na kufundisha Himo. Saa 12 asubuhi anakunywa chai ya maziwa na chapati mbili harakaharaka, anawahi daladala, na kabla hajafika mbali tumbo linakoroga. Anaogopa kubanwa njiani, na hofu hiyo inazidisha. Saa 7 mchana anakula makande shuleni. Saa 12 jioni tumbo limejaa hadi anafungua mkanda. Yeye ameshaamua kwamba adui ni maziwa, kwa sababu asubuhi ni chai na jioni ni chai.

Anaandika daftari kwa wiki mbili: saa aliyokula, alichokula na kiasi, saa ya dalili, choo kilikuwaje, na hali ya siku hiyo kwa neno moja, kama "haraka", "shwari" au "kikao". Daftari linaonyesha kwamba Jumamosi na Jumapili anakunywa chai ileile bila shida. Maziwa yanapungukiwa na ushahidi. Ya asubuhi ni mlo, haraka na hofu ya safari vikijumlishwa. Anaamka nusu saa mapema, anakula kidogo akiwa amekaa, anasubiri utumbo ufanye kazi yake, anaenda chooni nyumbani, ndipo anatoka. Kila jioni kwa dakika kumi anapumua huku mkono uko tumboni: anavuta pumzi kwa hesabu ya nne hadi tumbo linyanyuke, anaitoa kwa hesabu ya sita. Anafanya hivyo hata siku nzuri, kwa sababu mwili unatakiwa kuuzoea utulivu huo kabla ya siku ya shida. Mwenye hofu iliyozidi hapo anahitaji mtaalamu wa afya ya akili, na tiba ya kuzungumza imethibitika kusaidia IBS yenyewe.

Kwa upande wa mchana, anaacha maharage, vitunguu na ngano kwa wiki nne, na kubeba wali au ndizi na nyama. Kujaa kwa jioni kunapungua sana. Wengi huharibu hapa: wakiona nafuu, hukaa na vyakula vitano maisha yao yote. Kipindi cha kuacha ni cha kutafutia jibu, si cha kuishi, na kikizidi wiki sita bila nafuu basi chakula si njia yako, rudi kula kama kawaida na tutafute kingine.

Mwalimu anarudisha kitu kimoja kimoja huku mengine yakiwa bado nje. Maharage yaliyolowekwa, bila kitunguu: siku ya kwanza vijiko viwili, ya pili robo kikombe, ya tatu nusu kikombe, kisha siku tatu za kupumzika. Robo inapita, nusu inajaza. Kitunguu: kijiko kimoja tu cha vipande, saa tano baadaye tumbo linauma. Chapati moja inapita, mbili hapana. Maziwa hakuwa ameyaacha, na hayakuwa na kosa.

Wiki ya kusahihisha mitihani, analala kidogo, na hata robo kikombe cha maharage kinamjaza. Hilo halifuti majibu ya mwanzo. Kiwango chake kimeshuka kwa muda, kwa hiyo wiki hiyo anayaweka maharage pembeni na kuyarudisha mitihani ikiisha.

Kama baada ya haya yote maumivu bado yapo, daktari anaweza kukuandikia amitriptilini miligramu 10 usiku, na kuipandisha taratibu hadi 30. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kuwa dozi hiyo ndogo hupunguza dalili za IBS. Ni dawa ya sonona ikitumika kwa kiasi kikubwa, lakini hapa inatuliza mishipa ya utumbo. Hukausha kinywa, huleta usingizi na hufunga choo, kwa hiyo humfaa zaidi anayeharisha. Unapokwenda kuiulizia, beba daftari lako: ukurasa wa wiki mbili utamwonyesha daktari mambo ambayo huwezi kuyakumbuka yote ukiwa umeketi mbele yake.