“Mhusika wangu kondomu ilipasuka”: kujibu swali la afya bila kuuliza ni la nani

Tuchukue ujumbe wa namna hii, ambao mhudumu wa afya, au yeyote ambaye ndugu na jamaa wanamwamini, anaweza kuupata wakati wowote. Unaingia Jumapili saa moja jioni: “Habari za jioni, dada. Kuna hadithi naandika. Mhusika wangu alikuwa na mtu Ijumaa usiku, kama saa nne hivi, kondomu ikapasuka. Jumatatu akienda kupima akakutwa hana virusi, si ndiyo yuko salama?”

Huenda kweli anaandika hadithi. Huenda anamuulizia rafiki, au anataka tu kujua. Huenda pia yaliyompata mhusika yamempata yeye, na hii ndiyo njia aliyoiona ya kuuliza bila kujianika. Wengi wetu tukisoma swali kama hili tunataka kwanza kujua ni la nani. Nawaomba tuliache hilo, kwa sababu jibu sahihi halitegemei jina la mtu. Linategemea saa.

Aliyeandika ameuliza kuhusu kipimo, lakini lenye haraka hakuliuliza, na huenda halijui. Zipo dawa za kujikinga na VVU baada ya tukio, zinazojulikana kama PEP. Ni vidonge vya ARV vinavyomezwa kila siku kwa siku 28. Inabidi vianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu ya kinga, kwa hiyo anayeanza leo yuko mahali pazuri kuliko anayesubiri kesho. Kutoka Ijumaa saa nne usiku hadi Jumapili saa moja jioni ni saa 45. Zimebaki 27. Tukimaliza jioni nzima tukibishana kama ni yeye au ni rafiki yake, tunazitumia saa hizo hizo.

Kuhusu kipimo alichouliza: kipimo cha haraka hutafuta hasa askari wa mwili, yaani kinga ambazo mwili hutengeneza baada ya virusi kuingia, na hizo huchukua wiki kadhaa kuonekana. Majibu ya Jumatatu yanaeleza hali ya mtu kabla ya Ijumaa. Kuhusu Ijumaa yenyewe hayasemi chochote. Hata hivyo kipimo hicho kina kazi yake siku hiyo: anayekutwa tayari ana VVU hapewi PEP, bali anaanzishiwa matibabu kamili.

Sasa jibu. Mimi ningeandika hivi: “Nzuri. Hapana, kipimo cha Jumatatu hakitamwambia kuhusu Ijumaa, ni mapema mno. Ila mhusika wako bado ana nafasi ya kuzuia. Aende kituo cha afya usiku huu huu, au idara ya dharura ya hospitali kama vituo vimefungwa, aseme anahitaji PEP. Mwisho ni Jumatatu saa nne usiku, lakini asingoje mwisho. Watampima, watamuuliza maswali machache, na akistahili atapewa dawa za siku 28. Atapima tena baadaye, na kipimo cha miezi mitatu baada ya tukio ndicho cha kufungia hesabu. Na kama si hadithi tu, ni hayo hayo, na huna haja ya kuniambia.”

Tazameni sentensi ya mwisho. Haiulizi kitu, wala haimwambii “najua ni wewe”. Inamfungulia mlango na kumwachia uamuzi wa kuingia. Anayeandika hadithi kweli hajapoteza kitu, amepata habari sahihi za hadithi yake. Yule ambaye jambo ni lake amepata mahali pa kwenda na saa ya mwisho, bila kukiri chochote. Kwa sababu hiyo sioni faida ya kupima maneno yake ili kubaini kama anasema kweli. Nikidhani ni hadithi kumbe si hadithi, hasara ni kubwa. Nikijibu kana kwamba inaweza kuwa kweli kumbe ni hadithi, hakuna aliyeumia.

Kuna wakati lazima kuuliza. Kipimo changu ni kimoja: je, jibu lake litabadilisha ushauri wangu? Kama asingetaja Ijumaa, ningeuliza, “Mhusika wako tukio lilimpata lini?” na ningesema sababu papo hapo, kwamba dawa zina muda wake. Ningeuliza pia kama anatumia dawa nyingine yoyote. Tuseme anarudi na kuandika, “Mhusika anameza vidonge vya kiungulia kila siku, kuna shida?” Hilo ni la maana sana. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au aluminiamu huizuia dolutegravir, dawa inayotumika sana kwenye PEP, isifyonzwe vizuri mwilini. Dolutegravir imezwe angalau saa mbili kabla ya dawa hizo, au saa sita baada yake. Pengine mtu aliyeuliza hivyo ameshanionyesha kwamba mhusika ni yeye. Hata hivyo naendelea kumwita mhusika, kwa sababu ndivyo alivyochagua, na siku akitaka kusema “mimi” atasema mwenyewe.

Maswali yasiyobadilisha ushauri ni mengi, na ndiyo yanayotutoka upesi: alikuwa na nani, mwenzi wake anajua, kwa nini hakuwa makini, ni mara ya ngapi. Tukiuliza hayo, mtu anajibu “aah, basi, ni hadithi tu”, kisha anakaa kimya, na kituoni haendi. Suala la hali ya mwenzake lina uzito kitabibu, maana mwenye VVU anayetumia ARV vizuri hadi virusi havionekani kwenye kipimo cha wingi wa virusi haambukizi kwa njia ya ngono, na hapo PEP inaweza isihitajike. Lakini hilo litaulizwa na mhudumu atakayetoa dawa, faraghani. Sisi tunaojibu ujumbe tusilifanye kuwa sharti la kumwelekeza.

Yapo mambo ambayo hadithi hatuiachi ibaki hadithi. Mhusika akiwa mtoto, au kukiwa na dalili za kubakwa au kulazimishwa, au maneno ya kutaka kujiua yakijitokeza, tuulize waziwazi na kwa upole: “Haya yamekupata wewe? Uko salama sasa hivi?” Kumuuliza mtu moja kwa moja kama anafikiria kujiua hakumpandikizii wazo hilo. Na aliyebakwa anahitaji zaidi ya PEP: matibabu ya majeraha, kinga ya magonjwa mengine ya zinaa, na kwa anayeweza kupata mimba, uzazi wa mpango wa dharura, ambao nao una mwisho wake wa siku 5 na hufanya kazi vizuri zaidi ukiwahiwa.

Akisoma jibu asirudi, tusimfukuzie kwa “vipi, ulienda?”. Ujumbe mmoja Jumatatu asubuhi unatosha, usio na swali ndani yake: “Yale ya hadithi: mwisho wa kuanza dawa ni leo saa nne usiku.” Na akijitokeza Alhamisi, saa 72 zikiwa zimepita, PEP haianzishwi tena, lakini aelezwe bado ana la kufanya: apime sasa, atumie kondomu kila mara katika kipindi hiki, apime tena miezi mitatu tangu ile Ijumaa, na akipata homa, vipele au tezi kuvimba katika wiki zinazofuata, asingoje tarehe, aende kituoni mara moja na aseme tukio lilikuwa lini.