Barua ya Radhi: Saa Arobaini Zilikwenda Wapi?

Kazi yangu ni kupitia barua ambazo kampuni huwaandikia wateja, na hapa Mombasa nyingi zinazonifikia ni za mtandao uliokatika. Karibu zote zina kasoro moja. Zinaeleza kilichoukata, kisha zinanyamaza kuhusu kilichouchelewesha kurudi.

Meneja wa kampuni ndogo inayohudumia Kisauni na Bamburi aliniletea rasimu: "Faiba yetu ilikatwa na tingatinga la wajenzi wa barabara. Tunasikitika kwa usumbufu." Uongo haumo. Lakini fundi akishafika, faiba huunganishwa kwa saa chache: kifaa hutuma mwanga ndani ya faiba na kuonyesha umbali hadi palipokatika, pakachimbuliwa, nyuzi zikachomelewa mmoja mmoja. Wateja hawa walikaa saa 42 na nusu. Nilipomhoji, meneja akasema laini ya akiba ilipita mtaro ule ule, basi zote mbili zilikatwa kwa pigo moja. Tena shimo lilijaa maji ya bomba lililopasuka, na mafundi wakangoja bomba lizibwe.

Hiyo ndiyo barua yenyewe, naye alikuwa ameiacha nje! Mwaka 2012 nanga ya meli ilikata TEAMS, kebo ya intaneti ipitayo chini ya bahari, hapa hapa Mombasa, na kampuni zenye nafasi kwenye kebo nyingine zilihamia huko. Kukatika hakumshangazi mtu. Anachotaka kujua mteja ni mbona hamkuwa na njia ya pili. Tukaandika: "Laini yetu ya akiba ilipita mtaro mmoja na laini kuu. Huo ulikuwa uamuzi wetu, si wa wajenzi." Mwanasheria alinuna kidogo, sentensi ikabaki.

Kisha saa. Rasimu ilisema huduma ilikatika Alhamisi 18:10, ilhali kwa wateja mtandao ulikatika 21:10. Meneja alinakili kumbukumbu za mitambo, ambazo huandikwa kwa UTC, saa tatu nyuma yetu. Mteja akiona hivyo anadhani anadanganywa. Tukaweka: "Alhamisi saa tatu na dakika kumi usiku hadi Jumamosi saa kumi kasoro dakika ishirini alasiri."

Fidia nayo iwe hesabu ambayo mtu ataifanya mwenyewe. Kifurushi cha shilingi 3,000 kwa siku 30 ni shilingi 100 kwa siku. Saa 42 na nusu hazifiki siku mbili, lakini tulihesabu mbili kamili: "Bili yako ijayo itakuwa shilingi 2,800. Huhitaji kupiga simu." Ukimwambia mteja aombe fidia, wengi hawataomba, na wanajua kwamba unajua.

Kabla ya kutuma, nilitaka orodha ya nyumba ambazo bado hazikuwa na mtandao. Laini kuu ilikuwa imerudi, lakini vifaa vya baadhi ya majumba vilikuwa havijawaka. Hao walipigiwa simu kwanza. Barua waliipata baada ya fundi kupita.