Hataza ya unga wa tefu: yanayosemwa sokoni na yaliyomo kwenye daftari

Wasindikaji wa unga wa lishe hapa Dodoma wana hofu moja isiyozeeka. Ukikaa na wanunuzi wa nafaka Kibaigwa na mazungumzo yakafika kwenye uwele na mtama, atatokea mtu aseme: "Wazungu walishachukua hataza ya tefu ya Wahabeshi, sisi zamu yetu inakuja." Kisa hicho ni cha kweli kwa kiasi fulani. Kampuni ya Uholanzi ilipata hataza, yaani haki ya pekee juu ya uvumbuzi, inayohusu unga wa tefu, ile nafaka ndogo ya injera. Ila kinachosimuliwa sokoni na kilichoandikwa kwenye daftari la hataza havifanani, na nyaraka zenyewe ziko wazi mtandaoni, bila malipo. Msindikaji yeyote anayetaka kujua kampuni fulani imevumbua nini, na nani hasa anamiliki teknolojia hiyo, afuate njia ile ile niliyopita kwenye kisa hiki.

Dhana: Waholanzi walimiliki tefu

Ingia Espacenet, tovuti ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya, uandike `EP1646287B1`. Utaona hati yenye kichwa "Processing of teff flour", yaani usindikaji wa unga wa tefu. Wengi huishia hapo, wakasoma kichwa na muhtasari wakaondoka. Kichwa cha hataza hakimlindi mtu na chochote. Kinachomilikiwa kimo kwenye sehemu ya madai, kichupo cha `Claims`, na dai la kwanza ndilo lenye uzito kwa sababu mengi yanayofuata yamejengwa juu yake.

Dai la kwanza hapa linazungumzia unga wa nafaka ya jenasi *Eragrostis*, ambayo tefu ni mojawapo, kwa sharti kwamba wakati wa kusagwa nafaka iwe na namba ya kuanguka isiyopungua 250. Namba hiyo ni kipimo cha maabara: unga huchanganywa na maji, mchanganyiko hupashwa moto hadi uwe uji mzito, kisha huhesabiwa sekunde ambazo kijiti kinatumia kuzama hadi chini. Nafaka yenye kimeng'enya kingi cha kuvunja wanga hutoa uji mwepesi, kijiti kinazama haraka na namba inakuwa ndogo. Mama yeyote wa Dodoma anayeweka kimea kwenye togwa anaijua kazi ya kimeng'enya hicho, hata kama hajawahi kuipima kwa sekunde.

Hoja ya mwombaji ilikuwa kwamba tefu ikiachwa baada ya kuvunwa hadi ikomae vizuri, namba hiyo hupanda na unga unafaa zaidi kuokea. Madai yanayofuata yanashika kinyunga na vyakula vinavyotokana na unga huo. Kwa hiyo wanaosema mmea wenyewe ulichukuliwa wamekosea. Wanaosema hataza haikuwa na madhara nao wamekosea, maana unga mzuri wa tefu kwa kawaida unaweza kabisa kufika 250, na dai likiandikwa kwa upana kiasi hicho linamgusa kila mwokaji wa maana. Ukisoma hataza ya kampuni yoyote, jiulize hivi: ni kitu gani, kwa kipimo gani, nikikitengeneza nitakuwa ndani ya dai?

Mbegu ni habari nyingine. Aina mpya za mimea zinalindwa kwa haki za wagunduzi wa aina za mimea, na hizo zina daftari lake. Hapa kwetu sheria yake ni ya mwaka 2012. Ukitafuta mbegu kwenye daftari la hataza ukazikosa, usihitimishe kwamba hazina mwenyewe.

Dhana: andika jina la kampuni, utaona mali yake yote

Watu wengi hupotelea hapa, wakiwemo waandishi wa habari. Majina ya kampuni hayatulii. Katika kisa hiki, ombi lilianza na kampuni iitwayo Soil and Crop Improvement. Mwaka 2005 serikali ya Ethiopia ilisaini mkataba wa kutumia vinasaba vya tefu na kampuni yenye jina jingine, Health and Performance Food International. Hataza ya Ulaya ilitolewa tarehe 10 Januari 2007. Mwaka 2009 kampuni ile ya mkataba ikafilisika. Baadaye hataza hiyo ilipozua kesi mahakamani The Hague, Uholanzi, aliyesimama kama mwenye hataza alikuwa Ancientgrain, jina la tatu. Mtu aliyekuwa akitafuta kwa jina moja tu kati ya hayo alikuwa anaona kipande cha habari, pengine akiamini kwamba kampuni ikifa na hataza imekufa.

Dawa ni kuanzia kwa mvumbuzi. Kampuni hubadilishwa jina, huuzwa, hufilisika, lakini jina la mvumbuzi hubaki kwenye hati. Kwenye Espacenet, utafutaji wa mvumbuzi na neno la kwenye kichwa au muhtasari huandikwa hivi:

```
in = "roosjen" AND ta = "teff"
```

Jina hilo ni la Jans Roosjen, aliyeandikwa kama mvumbuzi. Ukishapata hati moja, fungua `Patent family`. Familia ni hati zote zilizozaliwa na ombi moja la kwanza, ambalo hapa lilifanywa Uholanzi Julai 2003. Ndani ya familia linganisha safu ya `Applicants` ya kila hati. Hapo ndipo majina tofauti yanapojitokeza. Kisha rudi utafute upya kwa kila jina jipya la kampuni ukitumia `pa =`. Ni kazi ya kuchosha kidogo, lakini hakuna njia ya mkato ninayoiamini.

Bado hujamjua mmiliki wa leo. Espacenet inaonyesha mwombaji kama alivyoandikwa hati ilipochapishwa, haifuati mauzo yote ya baadaye. Rejesta ya Ulaya nayo, `European Patent Register`, kwa hataza ya aina hii ilipokea mabadiliko ya umiliki hadi lilipofungwa dirisha la pingamizi, yaani muda wa watu wengine kuipinga hataza, miezi 9 baada ya hataza kutolewa. Hesabu mwenyewe: hataza ya Januari 2007, dirisha limefungwa Oktoba 2007, kampuni imefilisika 2009. Uhamisho wa baada ya hapo ulipaswa kutafutwa kwenye rejesta ya kila nchi moja moja, Uholanzi kwake, Ujerumani kwake. Tena uhamisho huandikwa pale tu mtu anapoupeleka uandikwe. Leseni ndiyo mbaya zaidi: kampuni inaweza kuwa na ruhusa ya kutumia teknolojia bila jina lake kuonekana kwenye rejesta yoyote.

Ethiopia ililipwa kiasi cha euro 4,000 tu kutokana na mkataba ule, kisha mshirika wake akafilisika huku hataza ikiendelea kuishi mikononi mwa wengine. Ndiyo maana ninasema anayefanya mkataba na kampuni aangalie kwanza rejesta: je, anayesaini ndiye aliyeandikwa?

Dhana: namba ya WO ni hataza ya dunia nzima

Kwenye familia hiyo kuna hati `WO2005025319A1`. Nimeona mtu akiituma kwenye kundi la wasindikaji kama ushahidi kwamba "imelindwa duniani kote". Hataza ya dunia haipo. Hati ya WO ni ombi la kimataifa lililochapishwa, na herufi A mwishoni inaonyesha kwamba ni ombi. Mwombaji anapata muda, kwa kawaida miezi 30 tangu ombi la kwanza (31 kwa ARIPO, shirika la hataza la kanda yetu lililoko Harare), wa kuchagua nchi anazotaka na kulipia kila moja. Asipoingia, huko hana kitu. Kwenye PATENTSCOPE, tovuti ya shirika la miliki bunifu duniani, kichupo cha `National Phase` kinaonyesha ofisi zilizoripoti kuingiwa. Kisome kama mwanzo wa uchunguzi, kwa sababu si ofisi zote zinazoripoti kwa uaminifu.

Hati yenye B mwishoni, kama `EP1646287B1`, ndiyo hataza iliyotolewa. Nayo ina mipaka yake: ilithibitishwa Uholanzi, Ubelgiji, Ujerumani, Uingereza, Austria na Italia. Haikuwa na nguvu Addis Ababa, wala Kibaigwa. Anayesindika Dodoma anapaswa kuangalia BRELA, kwa Tanzania Bara, na hataza za ARIPO zilizoitaja Tanzania. Anayeuza unga Ujerumani aangalie Ujerumani. Swali ni pale unapotengeneza na pale unapouza.

Ombi pia hufichwa kwa takribani miezi 18 kabla ya kuchapishwa. Kwa kisa chetu, aliyetafuta mwaka 2004 asingeona kitu, wakati ombi lilikuwa limeshafika ofisini mwaka mmoja nyuma. Ukiona kampuni haina hataza mpya, unachokiona ni hali yake ya mwaka mmoja na nusu uliopita.

Dhana: ikishatolewa, imetolewa

Ancientgrain iliishtaki kampuni ya Bakels, inayouza malighafi za kuokea, ikidai imeingilia hataza. Bakels ikajibu kwa kuishambulia hataza yenyewe, na mwishoni mwa 2018 mahakama ya The Hague ikaamua kwamba hakukuwa na hatua ya uvumbuzi, yaani mtaalamu wa fani angeweza kuyafikia hayo bila kuvumbua chochote, na sehemu ya Uholanzi ni batili. Habari zikaenea kwamba "hataza ya tefu imefutwa". Mahakama ya Uholanzi hufuta ya Uholanzi. Kwingineko hataza ilibaki hadi ifutwe huko, au mwenyewe aache kulipa ada ya mwaka, jambo ambalo linaua hataza nyingi kimyakimya kuliko mahakama zote. Hilo hulioni kwenye ukurasa wa kwanza wa hati. Fungua `Legal events` utafute maneno `lapsed` au `non-payment`, pamoja na nchi na tarehe.

Kwa hii ya tefu, hata huko hakuna tena cha kusubiri. Ombi la Ulaya ni la Julai 2004, na hataza huishi miaka 20 tangu siku ya ombi, kwa hiyo muda wake ulikwisha Julai 2024. Maelezo yote ya jinsi ya kuikomaza tefu na kupima unga wake yamo kwenye hati ile ile ya B1, na mwokaji wa Dodoma anaweza kuyachukua na kuyatumia kama yalivyo.