Hisia ina saa yake: kumfundisha mtoto wa miaka saba kuandika shajara ya siku moja

Katika kukagua mazoezi ya wanachuo wetu wa ualimu wanapofundisha darasa la pili, kuna maandishi nimeyasoma mara nyingi kiasi kwamba naweza kuyasema bila kuangalia daftari: "Jana niliamka. Halafu nikaoga. Halafu nikaenda shule. Halafu nikacheza. Halafu nikarudi nyumbani. Halafu nikalala. Nilifurahi." Mpangilio wa matukio uko sawa, na tahajia karibu yote iko sawa. Lakini aliyesoma hapo hajui lolote kuhusu siku ya mtoto huyo, na furaha ya mwisho imebandikwa tu kwa sababu mwalimu aliagiza, "Andikeni na mlivyojisikia."

Ninavyoona mimi, kosa linaanzia kwenye agizo hilo. Mwalimu hufundisha maneno ya wakati Jumatatu na maneno ya hisia Jumatano, kisha shajara inapoandikwa, hisia inapewa kiti cha nyuma kabisa, kana kwamba siku nzima ilikuwa na moyo mmoja. Mtoto wa miaka saba huamka amenuna, akafurahi wakati wa uji, akaona aibu alipokosea kusoma mbele ya wenzake, na akalala ameshasahau yote hayo. Kwa hiyo nawaomba walimu wangu waambatanishe kila hisia na wakati wake tangu dakika ya kwanza ya somo.

Vipindi viwili vya dakika 30 vinatosha. Cha kwanza hakina sentensi hata moja. Kila mtoto anakunja karatasi mara mbili, akiifungua anapata visanduku vinne: asubuhi, mchana, jioni, usiku. Saa tusizilazimishe. Watoto wengi wa umri huu bado wanahangaika na saa ya ukutani, ambayo mshale mfupi unaonyesha 7 na sisi tunasema saa moja. Washike alama wanazozijua: adhana, kengele ya shule, jua la utosini, taa kuwashwa. Katika kila kisanduku anachora jambo moja, na pembeni yake uso: mdomo uliocheka, uliopinda, au macho yaliyotoka.

Kabla hawajachora, mwalimu achore siku yake mwenyewe ubaoni, na asiogope kuweka uso usiocheka. Akichora nyuso nne za furaha, darasa zima litamwiga, na hapo somo limeshakufa. Baada ya kuchora, watoto wanasimuliana wawili wawili. Anayesikiliza ana swali moja tu la kuuliza: "Kwa nini uso wako uko hivyo?"

Kipindi cha pili ndipo tunapoandika, na hapo Kiswahili chenyewe kinatusaidia. Tukio la kwanza linachukua -li-, yanayofuata yanachukua -ka-: niliamka, nikaoga, nikavaa. Ile -ka- tayari inasema "baada ya hapo", ndiyo maana "halafu" tano mfululizo zinachosha masikio. Mtoto akishaizoea -ka-, maneno ya wakati anayabakiza kwa kazi yake halisi, yaani kuonyesha kwamba siku imegeuka: jioni, baadaye, usiku.

Na -ka- hiyohiyo inafanya kazi ya pili ambayo walimu wengi hawaitumii. Linganisha "Niliona mbwa, nikaogopa" na "Niliona mbwa, nilikuwa naogopa." Katika ya kwanza hofu imezaliwa na mbwa, katika ya pili hofu ilikuwapo tayari, labda kwa sababu ya giza. Mtoto hahitaji kuelezwa sarufi. Msomee sentensi zote mbili, umuulize hofu ilikuja lini, naye atajibu.

"Kabla ya" ipeni muda. Mtoto mdogo huelekea kuamini kwamba kinachotajwa kwanza ndicho kilichotokea kwanza. Mwaka 1971 mwanaisimu Eve Clark alilionyesha jambo hili kwa watoto wadogo wanaozungumza Kiingereza, na mimi huliona kwa watoto wetu pia, hata wakishafika shuleni. Mwambie "Kabla ya kula, nilinawa", wengine wataigiza kula kwanza. Anza na "Nilinawa kabla ya kula", ambapo maneno yanafuata mpangilio wa matukio, na ile nyingine isubiri.

Sasa tumwangalie mtoto mmoja. Visanduku vyake vilikuwa na chai, wimbo wa darasani, ndoo ya maji na kitanda. Nyuso tatu zilikuwa zinacheka. Uso wa jioni haukuwa na mdomo kabisa. Mwalimu angeweza kudhani amesahau. Badala yake alichuchumaa karibu naye akauliza, "Hapa kwenye ndoo, moyo ulikuwaje?" Mtoto akanyamaza, kisha akasema ndoo ilimponyoka. Mwalimu akauliza, "Ukafanyaje?" Halafu akamwacha aandike. Yakatoka haya:

"Jana asubuhi nilikunywa chai, nikaenda shule. Mchana tuliimba. Jioni bibi alinituma maji bombani. Nilipokuwa narudi ndoo ikaniponyoka, maji yote yakamwagika. Nikaogopa. Nilidhani bibi atanigombeza. Bibi akaniambia pole, tukarudi wote bombani. Usiku nikalala, sikuogopa tena."

Hakuna "halafu" hata moja. Hofu imekaa mahali pake, jioni, kati ya ndoo na bibi, na inaonekana ikiondoka. Neno "nilifurahi" halipo, na halikosekani.

Katika rasimu yake aliandika "nika ogopa" kwa maneno mawili, kosa ambalo darasa la pili limejaa, kwa sababu sikio linaisikia "nika" kama neno linalojitegemea. Lingine la kutazamia ni "nikakula" badala ya "nikala": mtoto anajua "nilikula", kwa hiyo anaibeba ile -ku- mpaka mahali isipotakiwa. Chagueni kosa moja kwa shajara moja. Daftari likirudi limejaa wino mwekundu, wiki inayofuata mtoto ataandika sentensi tatu fupi zisizo na hatari, na ya mwisho itakuwa "Nilifurahi."

Wazazi, likija nyumbani daftari lenye habari ya ugomvi wa juzi, tafadhali msimwambie mtoto "Hayo hayaandikwi." Mwalimu naye asisome shajara ya mtoto mbele ya darasa bila ruhusa yake. Amweleze tangu mwanzo kwamba mwalimu ataisoma, na asimwahidi siri asiyoweza kuitunza. Mara chache, katikati ya visanduku hivi vinne hutokea jambo zito: mtoto anayepigwa hadi kuumizwa, au anayemwogopa mtu fulani kila usiku. Hapo sarufi iwekwe kando. Msikilize, usimhoji kwa maswali mengi, lipeleke suala hilo kwa mwalimu wa malezi siku hiyohiyo. Namba 116, Tanzania na Kenya, ni ya msaada kwa mtoto na hupigwa bure.

Kama darasa lina watoto wengi na huwezi kuchuchumaa karibu na kila mmoja, kusanya karatasi za kipindi cha kwanza, uzipitie jioni ukitafuta uso mmoja tu usiofanana na mwingine katika kila karatasi. Chora duara dogo la penseli pembeni yake. Kesho yake, ukizirudisha, waambie waanze kuandika kutoka kwenye duara.