Smashi au lobu: miguu ndiyo inayoamua

Katika tenisi, smashi nyingi, yaani mapigo ya nguvu ya mpira ulio juu ya kichwa, zinazoishia kwenye neti huwa zimeshaharibika kabla raketi haijagusa mpira, kwa sababu mchezaji amesimama mahali pabaya. Tuchukue mfano wa mchezaji wa mkono wa kulia anayecheza mmoja kwa mmoja Kigoma, saa kumi jioni, upepo ukivuma kutoka ziwani. Yuko mita tatu hivi kutoka kwenye neti, na mpinzani wake ameinua lobu, yaani mpira wa juu wa kumpita kichwani.

Ukiona uso wa raketi ya mpinzani umefunguka kuelekea juu, peleka mguu wa kulia nyuma papo hapo, ugeuke mpaka bega la kushoto lielekee neti. Raketi ipande wakati huohuo, na mkono wa kushoto uunyooshee mpira. Kuanzia hapo rudi kiubavubavu. Kama mpira ni wa mbali, katisha mguu wa kushoto mbele ya wa kulia ili upate hatua ndefu. Usirudi kinyumenyume kifua kikiwa kimeelekea neti. Uzito hubaki kwenye visigino, mwili hulala nyuma, mpira hutoka nje, na ukijikwaa unaangukia kisogo kwenye saruji. Hilo silivumilii hata kwa anayeanza leo.

Rudi hatua moja zaidi ya unavyodhani inatosha, kisha songa mbele kwa vihatua vifupi mpaka mpira ufike. Ni rahisi kusogea mbele dakika ya mwisho kuliko kurudi. Kipimo chake ni hiki: ukiamua kutoupiga, mpira uanguke mbele yako kidogo, upande wa bega la kulia. Ukielekea kukuangukia utosini, umeshachelewa.

Sasa uamuzi wenyewe. Mstari wa sevisi uko mita 6.40 kutoka kwenye neti, na katikati neti ina urefu wa sentimita 91.4. Ukiugonga mpira ukiwa kwenye mstari huo, kwa kimo cha mita 2.7, unaweza kuukandamiza ukaanguka kama mita tatu na robo tu ng'ambo ya neti. Ukirudi hadi mstari wa nyuma, mpira uleule ukienda moja kwa moja na kupita neti kwa taabu utaanguka mita sita ng'ambo. Nafasi ya kukosea inapungua kwa karibu mita tatu. Kwa hiyo, ndani ya mstari wa sevisi piga smashi kwa nguvu. Mita mbili au tatu nyuma yake punguza nguvu, utafute kona. Zaidi ya hapo, smashi iwe ya mpira uliokwisha kuwahiwa tu.

Upepo na jua hubadilisha hesabu hii. Kwenye kiwanja kilicholazwa kaskazini-kusini, upepo wa ziwani hukata uwanja kutoka magharibi kwenda mashariki. Ukitazama kaskazini, upepo unausogeza mpira upande wako wa kulia, na ukishageuka kiubavu jua liko mgongoni. Huko piga bila wasiwasi. Ukitazama kusini mambo yanageuka: mpira unakimbilia kushoto, upande wa bekihendi, na kifua chako kinalielekea jua. Tumia kiganja cha kushoto kulikinga, na mpira uliopanda sana mpaka unashuka wima uache udunde kwanza. Hapo pia watu hukosea, wakisimama palepale utakapodunda. Simama kama mita moja na nusu nyuma yake, kwa kuwa bado utasogea.

Lobu ikishakupita, achana na smashi. Geuka kabisa, uipe neti mgongo, ukimbie kando ya njia ya mpira na si chini yake. Ukikimbia chini yake utafika ukiwa umeukumbatia, huna nafasi ya kuzungusha mkono. Upite kwanza, ugeuke, kisha uurudishe kwa lobu ndefu: raketi ianzie chini ya mpira, mkono umalizie juu, mpira upite mita kadhaa juu ya raketi iliyonyooshwa. Mpira ukiwa juu hivyo, unapata muda wa kurudi katikati.

Ielekeze kimshazari. Kutoka kona hadi kona ya uwanja wa mmoja kwa mmoja ni mita 25 na kidogo, wakati kwa kunyoosha ni 23.77. Ila ukiwa upande wa kusini, upepo wenyewe utaupeleka mpira kwenye bekihendi ya mpinzani wa mkono wa kulia. Lenga katikati, la sivyo utatoka nje mashariki. Ukiwa kaskazini, lenga karibu na mstari wa upande wa ziwani, maana ukilenga katikati mpira utasukumwa hadi kulia kwake, kwenye forihendi, naye atakushukuru kwa smashi.