Pima mraba kabla ya kupima barabara

Kila muhula nikigawa karatasi ya vitendo ya ramani, namwambia mwanafunzi aweke rula kwenye mraba mmoja wa gridi kabla hajasoma swali lolote. Ramani zetu za topografia zimechorwa kwa skeli ya 1:50,000. Sentimita 1 kwenye karatasi ni mita 500 ardhini, hivyo mraba wa kilomita 1 unapaswa kuwa na upana wa sentimita 2 kamili. Karatasi niliyonayo mezani leo ina mraba wa sentimita 1.8. Imepunguzwa kwenye mashine ya fotokopi, lakini maandishi 1:50,000 yamebaki vilevile pembeni.

Swali lake linataka urefu wa barabara kutoka shule iliyopo 346712 hadi daraja lililopo 402733. Tarakimu tatu za mwanzo huhesabiwa kuelekea mashariki, tatu za mwisho kuelekea kaskazini. Kwa shule, tafuta mstari wa wima wa 34, kisha gawa mraba ulio kulia kwake katika sehemu kumi na usogee sehemu 6. Halafu tafuta mstari wa mlalo wa 71, upande sehemu 2. Anayeanza na kaskazini huangukia mahali pengine kabisa, na mara nyingi hata nje ya karatasi.

Sasa barabara yenyewe. Uzi unafaa, ila ukivutwa hurefuka, kwa hiyo mimi napendelea ukingo wa karatasi ulionyooka. Weka alama kwenye shule, laza ukingo ufuate barabara mpaka pale inapoanza kukata kona, tia nukta kwa penseli iliyochongwa vizuri, ibane nukta hiyo kwa ncha ya penseli, kisha zungusha karatasi ifuate kipande kinachofuata. Kwenye kona kali nukta zikaribiane sana. Ukiruka kona moja umekata njia ya mkato, na jibu litapungua. Kosa hili halijawahi kurefusha barabara ya mtu.

Kwa karatasi hii nilipata sentimita 15.7. Ukigawa kwa 2, unapata kilomita 7.85. Ukigawa kwa 1.8, unapata kilomita 8.7, na hilo ndilo jibu sahihi. Skeli ya mstari iliyochorwa chini ya ramani ingekupa jibu hilohilo, kwa sababu nayo imepungua pamoja na ramani.

Marejeo ya gridi yanakusaidia pia kujikagua. Daraja liko kilomita 5.6 mashariki na 2.1 kaskazini mwa shule. Kwa kanuni ya Paithagorasi, mstari ulionyooka ni kama kilomita 6. Ukipata barabara fupi kuliko hapo, rudi kwenye nukta zako. Na hata hizo 8.7 ni umbali wa bapa: barabara ikipanda mlima, gari litatembea zaidi kidogo.