Je, wajua video ya mkutano wa bajeti ya kijiji ianzie wapi?

"Nataka kutengeneza video fupi ya kuwaonyesha watu wa kijijini kwetu Kilolo jinsi mkutano wa bajeti unavyokwenda. Kila nikiandika, inageuka somo la uraia. Niandikeje ili mtu aone na yeye anaweza kwenda?"

Ianzie katikati ya mkutano, pale mtu wa kawaida anapouliza swali la hela na kujibiwa. Muundo wa serikali ya kijiji utaingia baadaye, tena kidogo tu.

Watu wengi hukwepa mkutano kwa sababu wanaujua kama mahali pa kudaiwa michango, na hawaoni wao watasema nini mbele ya mtendaji mwenye makaratasi. Wengine huenda, wakasubiri "mengineyo" ndipo waseme, na wakati huo bajeti imeshapita. Hilo ndilo la kulionyesha. Mwenyekiti akishafungua, husomwa muhtasari wa kikao kilichopita na yatokanayo, kisha taarifa ya mapato na matumizi, kisha rasimu ya bajeti iliyoandaliwa na kamati ya fedha, uchumi na mipango na kupitiwa na halmashauri ya kijiji. Hapo ndipo pa kunyoosha mkono, kabla ya kura.

Ningeiandika sehemu hiyo hivi. Namba ni za mfano. Wewe chukua za kijiji chenu.

Picha: bango la karatasi, maandishi makubwa: kaya 400 × 10,000 = 4,000,000.

Mtendaji: "Boma la darasa limefika kwenye lenta. Tunapendekeza kila kaya itoe shilingi 10,000, tununue mbao na bati."

Mama (amekaa kwenye nyasi, ananyoosha mkono): "Mwenyekiti, mwaka jana kaya ngapi zilimaliza mchango?"

Mtendaji (anafunua daftari): "Kaya 260."

Mama: "Basi wakitoa hao hao, ni milioni 2 na laki 6. Milioni 1 na laki 4 itatoka wapi?"

Kimya kidogo. Mzee mmoja anapendekeza zianze mbao, bati zisubiri mavuno. Mwenyekiti anaita kura, mikono inahesabiwa.

Mwenyekiti: "Mtendaji, andika hivyo kwenye muhtasari."

Mama huyu hakutaja kifungu wala hakusoma makaratasi. Amezidisha na kutoa, hesabu za sokoni, na bajeti imebadilika. Usimpe maneno makubwa, maana mtazamaji atajua umemwandikia wewe. Mtendaji naye usimfanye mwizi. Ukimfanya hivyo, mtendaji halisi hataruhusu video ionyeshwe, na watu watakuja mkutanoni kugombana.

Baada ya hapo ndipo sauti ya msimulizi iseme mawili matatu: mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, kwa kawaida hufanyika kila baada ya miezi mitatu, na kwa sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 ndio wenye kauli ya mwisho kwenye sera za jumla za kijiji. Inatosha.

Kuna jambo ambalo waandishi wengi huliruka kwa kuogopa kukatisha tamaa: mkutano hauamui kila kitu. Barabara za vijijini ziko chini ya TARURA, maji yako chini ya RUWASA, na vyombo hivyo vina bajeti zao. Kijiji hupeleka kipaumbele chake kwenye kamati ya maendeleo ya kata, kisha halmashauri ya wilaya. Liseme wazi. Anayekuja akitegemea greda na kurudi na mchango wa bati, mkutano ujao humpati.

Script nzima isizidi dakika 4. Isome kwa sauti huku simu ikihesabu muda, kwa mwendo wa mazungumzo; ukihema katikati ya sentensi, ikate. Mpe mtu mwingine aigize uenyekiti, kwa sababu mwenyekiti halisi akionekana itafanana na kampeni, na akimaliza miaka yake 5 video imekwisha naye. Rekodi kiangazi, Juni hadi Oktoba. Mvua ikianza kupiga bati la ofisi ya kijiji, hata mtendaji aliye mbele yako humsikii, sembuse kwenye simu.

Tarehe ya mkutano usiiweke ndani ya video. Akidi ikikosekana mkutano huahirishwa, na video inabaki ikitangaza siku iliyopita. Tarehe, saa na mahali vitume kwa ujumbe wa sauti kila robo, pamoja na video ile ile.